Zamu ya Usafi na Mtu wa Kushika Nafasi

Tangazo la usafi wa mtaa kwa kawaida humalizika na maneno "wote mnakaribishwa." Ni maneno ya upole, lakini kwa kazi ya kuzibua mfereji hayafai. Wote wakikaribishwa, hakuna anayetarajiwa, na asiyetarajiwa hana wa kumwambia kwamba hatafika. Jumamosi ikifika wanaonekana watu wanne, wawili kati yao wamevaa ndala, na kaka mwenye ufunguo wa stoo ya vifaa amesafiri tangu jana.

Tanzania tumeizoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa siku ya usafi, na wengi wanaikumbuka Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru zilipoachwa na watu wakaingia mitaani na mafagio. Jirani zetu wa Rwanda wana umuganda, nao huwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda uko kwenye sheria ya nchi. Kampeni ya kujitolea mtaani haina faini wala askari, kwa hiyo kinachomfanya mtu atoke kitandani alfajiri ni jina lake kuandikwa, na jirani fulani kujua kwamba asipokwenda yeye, ni huyo jirani atakayeitwa. Ratiba nzuri hujengwa juu ya jambo hilo la pili, na ndilo linaloachwa mara nyingi.

Tuchukue mtaa wa mfano, na majina ya mfano. Kuna mfereji wa wazi uliojaa mchanga, chupa za plastiki na majani, na mvua za masika zinakaribia. Wakazi wanataka uzibuliwe kwa Jumamosi nne. Kosa la kwanza hapa ni kuuliza wangapi wako tayari. Linaloulizwa kwanza ni mabuti mangapi yapo. Mwaka 2022 homa ya mgunda ilipozuka mkoani Lindi, wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba mkojo wa panya ndani ya maji na tope unaweza kumwambukiza mtu kupitia mchubuko wa ngozi. Ongeza vipande vya vioo na sindano zilizotupwa, utaelewa kwa nini asiye na buti na glavu ngumu haingii mferejini. Mtaa wetu una jozi nne za mabuti: mbili namba 42, moja namba 40, moja namba 38. Basi wanaoingia mferejini kwa wakati mmoja ni wanne, hata wajitolee mia.

Wanne hao wakichota kwa koleo, tope linahitaji kuondolewa. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza italirudisha lilikotoka. Kwa hiyo wanahitajika wawili wa toroli, kila mmoja na lake, na toroli hujazwa nusu tu kwa sababu tope bichi ni zito kuliko linavyoonekana. Juu yao yupo kiongozi wa kundi. Jumla ni saba. Wakifanya kazi kwa saa mbili katika jua la Dar es Salaam au Tanga wamechoka, na anayelazimishwa kuendelea huanza kuchota vijiko badala ya makoleo. Kwa hiyo zamu ni mbili: ya kwanza saa 12:30 hadi 2:30 asubuhi, ya pili saa 2:15 hadi 4:15. Zile dakika kumi na tano zinazopishana zimewekwa makusudi. Ndipo mabuti yanapovuliwa, yanasuuzwa na kuvaliwa na mtu mwingine, na kiongozi anayeondoka anamwonyesha anayeingia walipofikia.

Watu saba kwa zamu mbili ni kumi na wanne kila Jumamosi. Mtaa unahitaji ishirini na wanane, nusu yao kwa Jumamosi ya kwanza na ya tatu, nusu nyingine kwa ya pili na ya nne. Kila mmoja anatoa Jumamosi mbili, saa mbili kila mara. Ni mzigo unaobebeka, na mgawanyo huu unatupatia watu wa kushika nafasi bila kutafuta mtu wa ziada, kwani kila aliye kwenye nusu moja ana mwenza wake kwenye nusu nyingine. Neema wa Jumamosi ya kwanza ana Rehema wa Jumamosi ya pili. Neema akishindwa, anaingia Rehema, na wiki inayofuata Neema anakwenda mahali pa Rehema. Hakuna anayeishia kufanya Jumamosi tatu huku mwingine amefanya moja, jambo ambalo huua kujitolea haraka kuliko uchovu wenyewe.

Kampeni nyingi hutengeneza "orodha ya akiba," yaani majina matano au sita chini ya karatasi, ya kuita yeyote panapotokea pengo. Mimi siiamini orodha hiyo. Simu ikipigwa Ijumaa usiku, wa kwanza anadhani wa pili atakwenda, wa pili hapokei, na kiongozi anaishia kumpigia dada yuleyule asiyejua kukataa. Jina moja mbele ya jina moja linaondoa nafasi ya kudhani.

Ila majina hayapangwi kwa kufuata orodha ya nyumba. Mtu na mwenza wake wasitoke nyumba moja, kwa sababu mtoto akiugua usiku, baba na mama wote hawatafika. Wa mferejini apangiwe mwenza wa namba ya buti inayokaribiana na yake. Mwenye mguu wa 42 hawezi kumshikia nafasi wa 38. Mwenza aulizwe kwanza na akubali kwa mdomo wake, maana aliyeandikwa bila kujua ni sawa na nafasi tupu. Na asiwe mwenza wa watu wawili wa Jumamosi moja, hata kama ni kijana mwenye nguvu anayependwa na kila mtu. Ni rahisi kulikagua hili: pitisha kidole kwenye safu ya wenza, na jina likionekana mara mbili, kuna pengo limefichwa hapo.

Wako pia wanaotaka kusaidia ambao siku ya Jumamosi haiwezekani kwao. Wasabato ni mfano wa karibu. Kuwaandika kama wenza wa Jumamosi ni kuwakosea heshima na ni kujidanganya. Wapewe kundi la vifaa la Ijumaa mchana, kabla jua halijazama: kuhesabu makoleo, kukaza mipini, kujaza upepo tairi za toroli, kupanga glavu kwa jozi. Kundi hilo ndilo linalogundua kwamba toroli limepasuka wakati bado kuna muda wa kuazima jingine. Gari la taka nalo huulizwa mapema kupitia mtendaji wa mtaa, maana tope lililorundikwa barabarani bila gari ni taka ileile imehamishwa.

Sasa tuione ratiba ikifanya kazi. Ijumaa saa 1 usiku mtoto wa Neema anapata homa. Kanuni iliyoandikwa juu ya karatasi inasema taarifa itolewe kabla ya saa 2 usiku, kwa watu wawili: mwenza na kiongozi wa zamu. Anampigia Rehema. "Da Rehema, mtoto amechemka, kesho sitaweza." Rehema anajibu, "Pole mdogo wangu, nitakwenda. Jumamosi ijayo ni yako." Kisha Neema anamwandikia Baraka, kiongozi wa zamu ya kwanza, ujumbe mfupi: mimi sipo, Rehema amekubali. Baraka hana wa kumtafuta, anabadilisha jina kwenye daftari lake na kulala. Kama Rehema naye angeshindwa, Baraka angejua kabla ya saa 3 na kuamua, badala ya kugundua alfajiri.

Asubuhi anayekosekana ni Baraka mwenyewe. Tumbo limemshika usiku, simu imezima. Kwa kiongozi, mwenza wa Jumamosi nyingine hatoshi, kwa sababu hapo hakuna muda wa kumwita mtu kutoka nyumbani. Kiongozi anahitaji naibu aliye kwenye zamu ileile, na naibu wa Baraka ni Zawadi, mwenye ufunguo wa pili wa stoo na nakala ya majina. Saa 12:40 Zawadi anafungua na kuanza kugawa mabuti. Lakini Zawadi alikuwa wa toroli, na kwa kupanda kwake limezaliwa pengo jingine ambalo karatasi nyingi hazilioni. Sasa wapo sita: wachotaji wanne na toroli moja, ambayo haiwezi kuwahi kasi ya makoleo manne. Wakiendelea hivyo, tope litarundikana ukingoni hadi zamu ya pili ikute kilima.

Ratiba ya mtaa wetu imeshalijibu hilo kwa mistari miwili chini ya karatasi. Wakiwa sita, mchotaji mmoja anavua buti na kushika toroli. Wakipungua chini ya watano, mfereji unaachwa siku hiyo na waliopo wanafagia na kuokota taka kavu. Zawadi hahitaji kufanya mkutano saa moja kasoro asubuhi, anasoma tu.

Kiongozi, awe Baraka au Zawadi, hashiki koleo muda wote. Nimeona viongozi wanaotaka kuonyesha mfano wakiingia mferejini hadi magotini, na nyuma yao hakuna anayetazama mtoto aliyesogea ukingoni au glavu iliyotoboka. Kazi yake ni kuangalia, kubadilishana watu kila baada ya nusu saa, kuhesabu vifaa mwishoni na kuweka alama kwenye daftari. Alama ni tatu: alikuja, aliingia mwenza, pengo. Baada ya Jumamosi mbili ukurasa unaanza kusema. Aliye na alama za mwenza tu pengine alipangiwa saa isiyomfaa. Muuza vitumbua hawezi zamu ya kwanza, na kumhamishia ya pili kunamaliza tatizo. Mwenye mapengo mawili bila taarifa hakemewi hadharani. Kiongozi anamfuata nyumbani, anamuuliza, na kumpa kazi ndogo kama maji ya kunywa, au anamfuta.

Karatasi yenye majina inabandikwa ubaoni kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na dukani ambapo watu wanapita kila siku. Namba za simu hazibandikwi, zinakaa kwa viongozi na manaibu. Dada zetu wana sababu za kutosha za kutotaka namba zao zisomwe na kila anayenunua sigara. Kundi la simu linasaidia kukumbusha, lakini ujumbe wa "sitakuja" unaoandikwa humo hupotea chini ya salamu na picha za asubuhi njema, ndiyo maana taarifa inapelekwa moja kwa moja kwa wale wawili.

Jambo moja wenza hawaliwezi. Kukitokea msiba mtaani, Neema na Rehema, Baraka na Zawadi wote wanakwenda sehemu moja, na safu yote ya majina inaanguka kwa mkupuo. Kwa siku hiyo karatasi inasema wazi: zamu zinasogezwa wiki moja mbele kwa watu wote, tarehe zinaandikwa upya, na makoleo pamoja na matoroli yanapelekwa makaburini.