Afisa Mikopo Anapokosa Usingizi

Mikopo ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu haijitoi yenyewe. Yupo kijana, mara nyingi mhitimu aliyesota mtaani akitafuta ajira, anayejaza fomu na kupiga simu, na siku ya marejesho ikipita ndiye anayetumwa nyumbani kwa mteja kubeba televisheni au mtungi wa gesi. Makala haya yanamhusu yeye.

Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 300,000 wa mwezi mmoja, kwa riba ya asilimia 20. Mama lishe anasaini, anakatwa 30,000 ya fomu na bima, anaondoka na 270,000. Mwezi ukiisha anadaiwa 360,000, yaani amelipia 90,000 kwa fedha aliyokaa nayo siku 30. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wa daraja la pili kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mkopo huu ni 10,500 tu. Mama lishe hajui hesabu hiyo. Afisa anaijua, na ndiyo inayomkosesha usingizi.

Kinachomfunga ni malipo yake. Kamisheni hufuata marejesho, na zipo ofisi ambazo mteja akitoroka, deni hukatwa kwenye mshahara wa afisa. Kila akimhurumia mteja anajipunguzia ugali wa watoto wake. Ndivyo mtu mpole anavyojikuta anamfokea mjane mbele ya majirani.

Kwa maoni yangu, ajiulize kwanza faida ya ofisi yake inatoka wapi. Kama ina leseni, riba iko ndani ya kikomo na ubaya uko kwenye namna ya kudai, kubaki kuna maana. Anaweza kumtajia mteja jumla atakayorudisha kabla hajasaini, kumwombea ratiba mpya aliyeuguza mtoto, na kumwandikia meneja ili pawe na kumbukumbu. Lakini kama ukiondoa makato ya kificho na riba iliyopitiliza ofisi inafunga milango, hapo hakuna cha kurekebisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali; upole wa mfanyakazi mmoja usingezihalalisha.

Kuondoka si lazima kuwe kuiacha fani. SACCOS na benki zinahitaji mtu anayejua kumpima mkopaji. Mwislamu ambaye dhamiri yake inaikataa riba yenyewe anaweza kujaribu benki kama Amana, iliyoanza mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu.

Ila asiondoke kwa hasira. Akabidhi orodha ya wateja, salio la kila mmoja na vitabu vya risiti kwa maandishi, kisha abaki na nakala iliyosainiwa, maana fedha ikionekana pungufu baadaye, wa kwanza kutajwa ni aliyeondoka.