Shukrani Zenye Hesabu: Barua ya Desemba Kampuni Inapopata Hasara

Wafanyakazi wa kampuni iliyopata hasara huwa wanajua kabla ya mkurugenzi kuandika chochote. Dereva ameona foleni ya wadai getini. Fundi ameambiwa vipuri vitafika mwezi ujao, na mwezi ujao umepita. Karani wa mishahara anajua michango ya hifadhi ya jamii imelipwa siku ya mwisho kabisa. Barua ya mwisho wa mwaka ikisema tu kwamba mwaka ulikuwa na changamoto nyingi lakini tumesonga mbele kwa pamoja, wasomaji hao wanabaki na walichokijua, na juu yake wanaongeza jambo moja jipya: kwamba bosi anawaficha.

Wakurugenzi wengi huogopa kwamba wakiitaja hasara, asante yao itasikika kama utani. Kwa hiyo hutanguliza asante kurasa nzima na kuitupa habari mbaya chini kabisa. Mfano unaokumbukwa ni barua ya Stephen Elop kwa wafanyakazi wa kitengo cha simu cha Microsoft, tarehe 17 Julai 2014. Alianza kwa salamu nyepesi, akaeleza kwa kirefu mkakati wa simu na bidhaa, na mbali huko chini ndipo akataja kwamba watu wapatao 12,500 wangepoteza kazi. Barua ile ilichekwa na kulaaniwa dunia nzima, na kilichowaudhi watu zaidi ni mpangilio wake.

Arne Sorenson wa hoteli za Marriott alikwenda njia nyingine. Machi 2020, korona ilipofunga hoteli, alirekodi video kwa wafanyakazi, kichwa chake kikiwa hakina nywele kwa sababu ya matibabu ya saratani. Akasema waziwazi kwamba katika masoko mengi biashara ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 75 chini ya kawaida. Akasema yeye hatachukua mshahara kwa muda uliobaki wa mwaka, na wakuu wenzake watakatwa nusu. Haikuwa salamu ya Desemba, lakini kila anayeandika ya Desemba angefaa kuitazama.

Sasa tuchukue kiwanda cha kubuni, tukiandikie barua. Kinatengeneza katoni na kina wafanyakazi 240. Mwaka jana kiliuza bidhaa za shilingi bilioni 9.6; mwaka huu bilioni 8.1, na kimepata hasara ya milioni 400. Rasimu ya kwanza ingezungumzia hali ngumu ya uchumi duniani na kuwaita wote familia. (Binafsi nalihofu neno hilo barua za ofisini. Familia haimpunguzi mtu kazi Februari.)

Rasimu inayofaa ingeanza hivi: “Ndugu wafanyakazi wenzangu, mwaka huu tumepata hasara ya shilingi milioni 400. Hizi ni hesabu za awali, wakaguzi hawajazipitia. Bila kazi mliyoifanya kwenye upotevu wa karatasi, hasara ingekaribia milioni 520.”

Hapo shukrani na hasara zimekaa ndani ya hesabu moja. Kiwanda kilitumia karatasi ya takriban shilingi bilioni 4, na iliyokuwa ikiharibika mashineni ilikuwa asilimia 9. Mafundi wa zamu ya usiku walirekebisha visu vya mashine ya kukatia wenyewe, wapanga mizigo wakaacha kurundika karatasi mahali penye unyevu, na upotevu ukashuka hadi asilimia 6. Asilimia 3 ya bilioni 4 ni milioni 120. Fundi akisoma hivyo anaiona kazi yake ndani ya vitabu vya kampuni. Asante ya jumla kwa kujituma haimfikii, kwa sababu hata mwaka wa faida kubwa angeipata ileile.

Baada ya hapo barua ieleze sababu, na ianze na zile zilizotoka ndani. Mteja mkubwa wa vinywaji aliacha katoni akahamia kufungia chupa kwa plastiki. Hilo halikuwa mikononi mwa mtu. Karatasi inanunuliwa kwa dola, na dola ilipopanda, kiwanda kilichelewa miezi minne kupandisha bei. Hilo lilikuwa mikononi mwa uongozi, na sentensi yake ni fupi: “Uamuzi wa kusubiri ulikuwa wangu.” Mkurugenzi akiruka sentensi hiyo, idara ya mauzo itadhani lawama imeachiwa wao.

Kuna jambo moja la kihasibu linalohitaji maelezo, nalo ni tofauti kati ya hasara na ukosefu wa fedha mkononi. Kampuni inaweza kuwa na faida kwenye vitabu na ikashindwa kulipa ovataimu, kwa kuwa wateja hawajalipa ankara zao. Ikiwa ovataimu ya Agosti ilichelewa kwa sababu hiyo, barua iseme ni wateja gani kwa aina yao, si majina, na deni limefikia kiasi gani sasa. Watu huikumbuka Agosti kuliko mizania.

Halafu yale matatu ambayo kila msomaji anayatafuta hata kabla ya salamu: mshahara, bonasi, kazi. Mshahara wa Desemba umelipwa au utalipwa tarehe fulani. Bonasi haipo, na wakurugenzi nao hawapati. Kuhusu kazi, hapa ndipo barua nyingi huharibika kwa wema. Mkurugenzi anaandika kwamba hakuna atakayepunguzwa, kisha Machi benki inakataa kuongeza mkopo. Akiandika kinyume chake, kwamba watu 30 wataondoka, ameingia kwenye sheria. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia yake, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kupunguza. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inadai taarifa ya angalau mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi. Kauli ya kweli ni hii: “Hatujaamua kupunguza watu, wala siwezi kuahidi kwamba haitatokea. Bodi inakutana katikati ya Januari, na tarehe 23 Januari nitawaandikia ilichoamua.”

Kampuni iliyo kwenye soko la hisa ina mpaka mwingine. Nairobi, kampuni inayotarajia faida yake kushuka kwa asilimia 25 au zaidi hutakiwa kuutangazia umma. Barua ya wafanyakazi wote haikai ndani. Kabla ya saa sita iko kwenye simu za watu wa nje. Kwa hiyo tangazo la soko litangulie, au barua isibebe tarakimu ambazo hazijatangazwa.

Kiwandani, zaidi ya nusu ya watu hawana barua pepe ya kazi. Wasimamizi waipate asubuhi, wapewe nafasi ya kuuliza, kisha waisome kwa sauti wakati zamu zinapopokezana, kwa Kiswahili kilichoandikwa tangu mwanzo na mkurugenzi mwenyewe. Isitumwe Ijumaa jioni. Mtu anayesoma neno hasara akiwa ndani ya basi la kwenda kijijini kwa sikukuu hana wa kumuuliza.

Na tarehe 23 Januari ikifika kabla bodi haijaamua, mkurugenzi, andika siku hiyohiyo useme haijaamua.