Kioo Kizima, Programu Chakavu

Tarehe 1 Desemba 2019, wenye televisheni janja za Samsung za mwaka 2010 na 2011 huko Marekani na Kanada walikuta Netflix haifunguki tena. Kioo hakikuwa na ufa, sauti ilitoka vizuri na rimoti ilifanya kazi, lakini programu ilikuwa imekufa. Netflix ilieleza kwamba sababu ni mipaka ya kiufundi ya vifaa hivyo. Miaka minne kabla, Aprili 2015, YouTube nayo ilizima mfumo wake wa zamani wa mawasiliano, na vifaa vingi vilivyotengenezwa mwaka 2012 au kabla yake vikaachwa nyuma, zikiwemo baadhi ya televisheni za Sony na Panasonic.

Hapo ndipo ilipo shida ya televisheni janja. Ndani ya kasha moja vimo vitu viwili visivyozeeka kwa kasi moja. Kioo kinaweza kutumika miaka kumi na zaidi. Kompyuta ndogo iliyo nyuma yake huanza kuchoka mapema zaidi, maana kumbukumbu yake ni finyu tangu siku ya kwanza, na programu za filamu huongezeka uzito kila toleo jipya. Kiwanda nacho hakina haraka ya kuihudumia televisheni iliyokwisha kuuzwa. Ni mwaka 2024 tu ndipo Samsung ilipoahidi miaka saba ya masasisho ya mfumo wake wa Tizen, tena kwa matoleo mapya.

Kwa televisheni mpya jibu ni rahisi: itumike kama ilivyo. Rimoti ni moja, hakuna waya wa ziada, na picha ya 4K huja bila kuhangaika na mipangilio. Anayeuziwa boksi pamoja na televisheni mpya ya Google TV au webOS anauziwa kitu ambacho tayari anacho. Swali huwa gumu pale televisheni inapofikisha miaka mitano au minane na kuanza kuchechemea.

Tuseme ipo sebuleni televisheni ya inchi 43 ya mwaka 2016, yenye picha ya kiwango cha 1080p. YouTube inachukua dakika nzima kufunguka, na Netflix inadai hakuna intaneti ilhali simu zote za nyumbani zinaperuzi. Wengi wangekimbilia dukani. Kabla ya hapo, mwenye nyumba afungue mipangilio atazame tarehe. Kwenye baadhi ya televisheni, umeme ukikatika saa hurudi miaka mingi nyuma. Programu huthibitisha utambulisho wa seva kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo televisheni inayoamini kwamba leo ni mwaka 2010 huvikataa vyeti halali na kutangaza kwamba mtandao haupo. Kurekebisha tarehe hakugharimu hata senti.

Kama tarehe ni sahihi, televisheni ichomolewe ukutani kwa dakika chache, irudishwe, kisha itafutiwe sasisho. Baada ya hapo iungwe na mtandao wa simu, na video ileile ichezwe kwenye simu na kwenye televisheni kwa zamu, kwa ubora uleule. Zote zikikwama, tatizo ni bando au mnara, na boksi halitasaidia chochote. Simu ikicheza laini na televisheni ikaendelea kusuasua, au programu ikisema wazi kwamba kifaa hiki hakihudumiwi tena, basi kompyuta ya televisheni ndiyo iliyochoka. Hapo kununua boksi kuna maana.

Lakini boksi lipi? Mengi ya yale ya bei rahisi yaliyoandikwa Android hayana mfumo wa televisheni ulioidhinishwa na Google. Yamewekewa Android ya kawaida iliyovalishwa sura ya televisheni. Dalili huonekana mara tu Netflix inapofunguliwa: sura yake ni ya simu, inataka kubofywa kwa mshale, na picha haipandi juu ya ubora wa chini hata kama intaneti ni kali. Netflix huyapa ubora wa juu vifaa vilivyopimwa na kuidhinishwa tu, kwa hiyo maandishi ya 4K au 8K kwenye kasha hayabadilishi kitu.

Picha hafifu si balaa kubwa zaidi. Januari 2023 mtaalamu wa kompyuta wa Kanada, Daniel Milisic, alieleza jinsi alivyokuta programu hasidi ndani ya boksi la T95 alilonunua Amazon. Ilikuwa imo tangu kiwandani. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu mtandao wa aina hiyo uitwao BADBOX 2.0, unaogeuza intaneti ya nyumbani kuwa kichaka cha wahalifu: wanapitisha shughuli zao humo, na anwani inayoonekana ni ya mwenye nyumba. Mwezi uliofuata Google iliwashtaki waendeshaji wake na kusema vifaa vilivyoathirika vinazidi milioni 10. Dalili zilizotajwa na FBI zinamfaa hata mnunuzi wa Kariakoo au River Road: jina la kiwanda lisilojulikana, ahadi ya chaneli za kulipia bila malipo, duka la programu lisilo rasmi, na maelekezo ya kuzima Google Play Protect.

Boksi halali nalo halina kinga ya uzee. Machi 2025 vifaa vya Chromecast vya kizazi cha pili, vilivyotoka mwaka 2015, viligoma duniani kote kwa sababu cheti cha ndani kilikuwa kimekwisha muda. Google ilivirekebisha baada ya siku chache. Tofauti iko kwenye hasara. Chromecast ya HD iliyotoka mwaka 2022 iliuzwa dola 30 Marekani. Kifaa cha namna hiyo kikifa, kioo kinabaki ukutani na kinawekewa kingine.

Kwa ile televisheni ya inchi 43, kijiti cha HD kilichoidhinishwa kinatosha. Kulipia zaidi kwa ajili ya 4K ni kupoteza fedha, kwani kioo chenyewe hakina uwezo huo. Kijiti kipewe umeme kwa chaja yake. Tundu la USB la televisheni nyingi hutoa nusu ampea tu, na kijiti kinachonyonya umeme hapo huweza kujizima katikati ya filamu.

Kuna gharama moja ambayo muuzaji haitaji. Kwa makadirio ya Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya kawaida hutumia takriban GB 1, na ya HD hadi GB 3. Familia inayotazama saa mbili kila usiku itatoka GB 60 kwa mwezi hadi 180, kwa sababu tu kifaa kipya kinaweza kile ambacho cha zamani kilishindwa. Anayetumia bando apunguze ubora kwenye mipangilio ya akaunti yake ya Netflix, sehemu ya matumizi ya data, na afanye hivyo kwa kila wasifu.

Boksi likishaanza kazi, televisheni yenyewe itolewe kwenye Wi-Fi. Haina tena sababu ya kuwa mtandaoni, na mfumo usiopokea masasisho ni heri usifikiwe na mtu wa nje.