Mraba wa Kundi F

Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Kodivaa mwanzoni mwa 2024, Taifa Stars ilipangwa Kundi F pamoja na Moroko, Kongo ya Kinshasa na Zambia. Chukua karatasi uchore mraba, kisha andika timu hizo kwenye pembe zake kwa kuzunguka: Moroko, Kongo, Zambia, Tanzania. Kila mechi iwe mstari unaounganisha timu mbili.

Raundi ya kwanza Moroko ilicheza na Tanzania, na Kongo ikacheza na Zambia. Hizo ni pande mbili za mraba zinazotazamana. Raundi ya pili ikawa Moroko na Kongo, Zambia na Tanzania, nazo ni pande mbili zilizosalia. Tarehe 24 Januari, siku ya kufunga kundi, Tanzania ilikutana na Kongo huku Zambia ikikutana na Moroko. Mistari ya siku hiyo haiko ukingoni mwa mraba. Inakatiza katikati, kutoka pembe moja hadi ile ya mkabala. Hiyo ndiyo mishazari. Pande 4 na mishazari 2, jumla mechi 6.

Kwa timu nne, kuchora kunatosha. Zikiwa nyingi, karatasi inageuka utando wa buibui, kwa hiyo tunahesabu kwa njia nyingine. Fikiria kikao cha watu 10 ambapo kila mmoja anampa mkono kila mwenzake mara moja. Kila mtu anashika mikono ya watu 9, na 10 mara 9 ni 90. Lakini Asha akimpa mkono Juma, tumeshaihesabu salamu hiyo kwa Asha, kisha tukaihesabu tena kwa Juma. Kila salamu imeingia mara mbili, basi tunagawa kwa 2 na kupata 45. Watu wakiwa n, kanuni ni hii:

n(n − 1) ÷ 2

Ndicho kinachokokotolewa ukibonyeza kitufe cha nCr kwenye kikokotoo huku r ikiwa 2: njia za kuchagua wawili bila kujali nani ametangulia.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowaponza wanafunzi wengi. Katika ligi ya timu 16, jozi ni 16 mara 15, gawa kwa 2, yaani 120. Lakini ligi huchezwa nyumbani na ugenini. Simba akiwa mwenyeji wa Yanga ni mechi moja, Yanga akiwa mwenyeji wa Simba ni nyingine. Hapo hatugawi kwa 2, na msimu mzima una mechi 240. Kabla ya kushika kanuni, uliza kwanza: nikibadilisha nafasi za hawa wawili, nimepata kitu kipya au kile kile?

Tukirudi kwenye mishazari, tofauti yake na salamu ni ndogo. Kila pembe haiwezi kuchora mshazari kwenda kwake yenyewe, wala kwenda kwa jirani zake wawili, maana huko tayari kuna upande. Zinabaki pembe n − 3, kwa hiyo mishazari ni n(n − 3) ÷ 2. Umbo la pembe nane lina 8 mara 5, gawa kwa 2, yaani 20. Ukihofia kuwa umeisahau kanuni, ijaribu kwenye pembetatu: jibu lazima liwe sifuri. Kwenye mraba lazima liwe 2.

Kanuni hizi zinadai kila mmoja akutane na kila mwenzake. Hatua ya mtoano haiko hivyo. Pale kila mechi inatoa timu moja, basi timu 16 zinahitaji mechi 15 ili abaki bingwa. Kodivaa kulikuwa na makundi 6 yenye mechi 6 kila moja, yaani 36. Ongeza 15 za mtoano na moja ya kuwania nafasi ya tatu, unapata 52.

Swali gumu zaidi huja kinyumenyume. Ukiambiwa salamu zilikuwa 66, zidisha kwa 2 upate 132, kisha tafuta namba mbili zinazofuatana ambazo zao lake ni hilo: 12 mara 11. Walikuwa watu 12. Ukiambiwa zilikuwa 50, mara mbili yake ni 100, na 10 mara 9 ni 90, ilhali 11 mara 10 ni 110. Hakuna idadi ya watu inayokubali. Kama walikuwa 11, salamu zilipaswa kuwa 55, basi kuna jozi tano ambazo hazikupeana mikono.