i7 Iliyopitwa na i5: Jinsi ya Kusoma Jina la Prosesa

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, iwe Kariakoo au Mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, wateja wengi huanza na swali hili: "Hii ni i ngapi?" Muuzaji akijibu i7, bei inapanda na mteja anaikubali. Akijibu i5, mteja anaanza kuomba apunguziwe. Jibu hilo linatoka kwenye kipande kimoja tu cha jina la prosesa, na kwa bahati mbaya ndicho kipande kinachoeleza machache kuliko vyote.

Chukua laptopu mbili za ofisini ambazo zimejaa kwenye maduka hayo. Moja ina prosesa ya Intel Core i7-7500U, nyingine ina Core i5-8250U. Zikiwekwa pamoja mezani, wengi watanyoosha mkono kwenye i7. Lakini ukiwa na kazi nzito, i5 hiyo inaiacha i7 mbali, na sababu yake imeandikwa waziwazi kwenye jina lenyewe kwa anayejua kulisoma.

Tuanze na i7 na i5. Hizo si vipimo vya kasi, ni madaraja ndani ya kizazi kimoja. Mtoto anayeshika nafasi ya kwanza darasani kwake si lazima amshinde wa tatu wa darasa lingine. Inategemea madarasa yenyewe. Daraja la i7 linakuambia kwamba prosesa hiyo ilikuwa juu kati ya wenzake waliotoka pamoja nayo, basi. Baada ya kistari zinafuata tarakimu nne: katika 7500, tarakimu 7 ni kizazi, kile ambacho madukani huitwa jenereshoni. Katika 8250, kizazi ni cha 8. Tarakimu tatu zinazobaki huonyesha nafasi ya prosesa miongoni mwa ndugu zake wa kizazi hicho. Kwa hiyo 8550U iko juu ya 8250U, lakini 500 ya kizazi cha 7 na 250 ya kizazi cha 8 hazilinganishwi. Herufi ya mwisho ni habari nyingine kubwa, nitaifikia baadaye.

Sasa tazama kilichomo ndani. i7-7500U ilitoka mwaka 2016. Ina viini viwili, na kila kimoja kinaweza kushughulikia nyuzi mbili za kazi, kwa hiyo jumla ni nyuzi nne. i5-8250U ilitoka mwaka uliofuata, 2017, ikiwa na viini vinne na nyuzi nane. Zote mbili zimepangiwa wati 15 za umeme na joto. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, laptopu nyembamba zenye prosesa za Intel za wati 15 zilikuwa na viini viwili tu, uwe umenunua i3, i5 au i7. Tofauti kati ya i5-7200U na i7-7500U ilikuwa sehemu ndogo ya gigahezi ya ziada na kumbukumbu ya ndani iliyoongezeka kidogo, si idadi ya viini. Mwaka 2017 AMD walirudi sokoni kwa nguvu na prosesa zao za Ryzen, ushindani ukakaza, na mwaka huohuo Intel wakaweka viini vinne katika nafasi ileile ya wati 15.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba kiini chenyewe hakikubadilika. Kiini kimoja cha 8250U kimejengwa kwa muundo uleule wa kiini cha 7500U. Hii ndiyo maana ukifungua barua moja kwenye Word, ukaiandika na kuifunga, hutaona tofauti ya maana kati ya laptopu hizi mbili. Kwa kazi ya uzi mmoja i7 inaweza hata kutangulia kwa unywele. Tofauti inajitokeza kazi zikirundikana: kikao cha Zoom kinaendelea, kivinjari kina kurasa 20, Windows inajisasisha kimyakimya, na kinga ya virusi imeamua kukagua faili saa hiyohiyo. Au fundi wa video anatoa filamu ya harusi, kazi inayoweza kugawanywa kwa viini vyote. Hapo viini viwili vinazidiwa, na vinne vinapumua.

Kinachowapotosha watu zaidi ni namba ya gigahezi. Ukifungua ukurasa wa taarifa za mfumo kwenye Windows, laptopu ya kwanza itakuonyesha maandishi haya:

```
Intel(R) Core(TM) i7-7500U CPU @ 2.70GHz
```

Ya pili itaonyesha:

```
Intel(R) Core(TM) i5-8250U CPU @ 1.60GHz
```

Mteja anaona i7 dhidi ya i5, 2.70 dhidi ya 1.60, anahitimisha kwamba ya pili ni dhaifu karibu mara mbili. Namba hiyo ni kasi ya msingi, yaani ile ambayo kampuni inaahidi viini vyote vikifanya kazi nzito bila kuvuka wati 15. Viini vinne vikigawana wati hizo, kila kimoja kinaahidiwa kidogo. Lakini prosesa haikai hapo. Inapokuwa na nafasi ya joto hupanda hadi kasi yake ya juu, na kwa hizi mbili kasi hiyo inakaribiana sana: gigahezi 3.5 kwa i7 na 3.4 kwa i5. Namba iliyoandikwa baada ya alama ya @ ni sakafu ya kasi, dari haionekani pale.

Kupanda huko kuna mpaka, nao ni joto. Kazi nzito ikianza, prosesa inaruhusiwa kuvuka wati 15 kwa muda mfupi, kwa kawaida sekunde kadhaa au makumi ya sekunde, kisha inarudishwa chini. Feni ikiwa imejaa vumbi, au dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa ikiwa imekauka, inarudishwa chini mapema zaidi na kwa kiasi kikubwa. Laptopu ya mtumba inaweza kuwa na prosesa nzuri iliyofungwa ndani ya mwili mchafu. Kujua ni rahisi: bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha CPU, na uiangalie namba iliyo chini ya Speed huku video nzito ikichezwa na kurasa nyingi zikiwa wazi. Ikipanda kisha ikatulia juu ya kasi ya msingi, hali ni njema. Ikiporomoka chini ya kasi ya msingi na kubaki huko ilhali kazi bado ni nyingi, laptopu inahitaji kufunguliwa na kusafishwa, au ina tatizo kubwa zaidi.

Hapa ndipo herufi ya mwisho inapopata uzito wake, kwa sababu kwenye laptopu herufi hiyo hasa hueleza bajeti ya joto. U ni ya laptopu nyembamba, kwa kawaida wati 15. H na HQ ni ya mashine nene zenye feni kubwa, wati 45. Y ni ya vifaa vyembamba mno, vingine havina feni kabisa. Katika kizazi cha 7 kuna prosesa iitwayo i7-7Y75, na Y yake imejificha katikati ya tarakimu ambako jicho halitazami. Imepangiwa wati 4.5 tu. Katika kizazi hichohicho kuna i5-7300HQ yenye viini vinne na wati 45. Mwenye kununua i7 hiyo ya Y kwa ajili ya kuhariri video atakuwa amelipia jina. Kwenye kompyuta za mezani, T ni prosesa iliyopunguziwa umeme, K inaruhusu kuongezewa kasi na mwenyewe, na F haina sehemu ya picha, hivyo bila kadi ya picha skrini haitaonyesha kitu.

Kuna mtego mwingine kwenye kuhesabu tarakimu. Kuanzia kizazi cha 10, kizazi kinachukua tarakimu mbili: i5-10210U ni ya 10. Lakini i7-1065G7 nayo ni ya kizazi cha 10, ingawa ina tarakimu nne tu kabla ya herufi, na i5-1135G7 ni ya 11. Tarakimu nne zikianza na 1 katika familia hii, soma mbili za mwanzo pamoja. Na usichanganye hayo na namba ya mwili wa laptopu. G3 ya HP EliteBook 840 G3 ni toleo la laptopu, na ndani yake huwa na prosesa ya kizazi cha 6. G5 mara nyingi ina ya 8. Anayekuambia "hii ni jenereshoni ya tano" kwa sababu ameona G5 anasoma kibandiko kisichohusika.

AMD nao wana mitego yao, na huu mmoja unatosha kuonyesha. Ryzen 5 7520U ni mpya kuliko Ryzen 5 5600U, na namba yake ni kubwa zaidi kwa karibu elfu mbili. Lakini 7520U ina viini vinne vya muundo wa zamani wa Zen 2, na 5600U ina viini sita vya Zen 3. Katika namba za AMD za elfu saba za laptopu, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja muundo: 2 katika 7520 ni Zen 2, na 4 katika 7840 ni Zen 4. Tarakimu ya kwanza inataja mwaka wa mauzo tu.

Rudi kwa laptopu zetu mbili, maana kuna jambo linalogusa bei moja kwa moja. Kwa prosesa za Intel Core, Windows 11 inaanza na kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kizazi cha 7, na i7-7500U haimo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa anayetumia Windows, i7 hiyo inastahili kuuzwa chini ya i5, na mteja anayejua ana haki ya kulisema hilo dukani. Kwa anayetaka Linux, hoja hiyo haipo, na i7-7500U yenye SSD na RAM ya kutosha bado ni mashine ya kazi za kawaida.

Usiridhike na stika, kwa kuwa hubandikwa na kubanduliwa. Omba laptopu iwashwe, fungua PowerShell, uandike:

```
Get-CimInstance Win32_Processor | Select-Object Name, NumberOfCores, NumberOfLogicalProcessors
```

Kwa i5-8250U majibu yawe 4 na 8. Ukikuta 2 na 4, soma jina lililotokea kwenye skrini kuanzia tarakimu ya kwanza hadi herufi ya mwisho, kisha muulize muuzaji bei ya prosesa hiyo, si ya ile iliyo kwenye stika.