Mteja Mkubwa Anayekula Faida

Muulize mwenye duka la jumla Kariakoo mteja wake mzuri ni yupi, naye atakutajia anayenunua sana. Kitabu cha mauzo kinaonyesha hivyo. Lakini mauzo ni fedha inayopita mkononi. Kinachobaki baada ya kulipia mzigo, kutoa punguzo, kukodi gari na kukatwa makato ya malipo kinaonekana ankara kwa ankara tu, na watu wengi hawajawahi kukipiga hesabu kwa namna hiyo.

Tuchukue mfano wa duka linalouza maji, juisi na sabuni kwa jumla. Lina wateja wawili: hoteli ya Mbezi Beach na duka dogo la Manzese. Hesabu zote nitazipiga bila VAT. Ile asilimia 18 hukusanywa kwa niaba ya serikali, na ukiihesabu kama pato lako umeshapotea kabla hujaanza.

Hoteli imeagiza mzigo ambao kwa bei ya kawaida ni shilingi 1,000,000. Duka lenyewe liliununua kwa 820,000, kwa hiyo kuna faida ya 180,000. Meneja wa hoteli ni mzungumzaji, amepewa punguzo la asilimia 8, yaani 80,000. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Asilimia 8 inasikika ndogo kwa sababu tunaipima kwa bei ya kuuzia, lakini mwenye mali aliyeliuzia duka hajapunguza chochote, kwa hiyo 80,000 yote inatoka kwenye ile 180,000. Karibu nusu ya faida imeondoka kwa maneno mawili matatu ya kwenye simu. Imebaki 100,000.

Kirikuu ya kukodi mpaka Mbezi Beach ni 35,000, na wapagazi wa kupakia na kushusha ni 6,000. Imebaki 59,000. Hoteli inalipa kwa kadi, na tuseme mkataba wa duka na benki unasema makato ni asilimia 2.5. Benki haijali VAT ni ya nani. Inakata kwenye jumla yote iliyopita kwenye mashine, ambayo ni 1,085,600, kwa hiyo inachukua 27,140. Mwisho wa safari, ankara ya milioni moja imeacha 31,860.

Sasa yule wa Manzese. Ananunua mzigo wa 200,000 kwa bei ya kawaida, na duka liliununua kwa 164,000. Hapewi punguzo, wala hajawahi kuliomba. Mzigo unakwenda kwa bajaji ya 5,000, analipa kwa simu, na makato tuseme ni 1,180. Kinachobaki ni 29,820. Ankara yake ni moja ya tano ya ile ya hoteli, lakini zimeachana kwa shilingi 2,040 tu.

Kama mambo yangeishia hapo, hoteli ingekuwa mteja wa kawaida asiye na makubwa. Tatizo linakuja katikati ya mwezi, simu inapoita: "Bosi, wageni wamejaa, niletee katoni chache za maji chapu." Ni oda ya 150,000. Faida kabla ya punguzo ni 27,000, na punguzo la asilimia 8 liko palepale kwa sababu ndiyo bei yake iliyozoeleka, kwa hiyo inabaki 15,000. Lakini kirikuu haina bei ya katoni chache. Ni 35,000 ileile, na wapagazi 2,000. Makato ya kadi ni 4,071. Ankara hiyo imeingiza hasara ya 26,071, na aliyeipeleka amerudi dukani akijisifu kwamba amemhudumia mteja mkubwa.

Hoteli ikipiga simu ya namna hiyo mara mbili kwa mwezi, hasara ni 52,142. Toa faida ya ile ankara kubwa, 31,860. Mteja anayeongoza kwenye kitabu cha mauzo amekuachia hasara ya 20,282 kwa mwezi, na hapo hujagusa kodi ya pango wala mshahara wa mtu yeyote.

Kodi na mishahara nimeviacha nje kwa makusudi. Hoteli ikiondoka leo, mwenye nyumba hatapunguza pango. Kwenye hesabu hii weka gharama zile tu ambazo zisingekuwepo kama ankara hiyo isingekuwepo. Anayeacha hata 10,000 anasaidia kulipa pango. Anayeacha hasi anatumia fedha ya wenzake. Ndiyo maana gari la kukodi ni rahisi kulihesabu kuliko la kwako. La kwako, weka mafuta na posho ya safari, maana mshahara wa dereva utaulipa tu. Na likipeleka mzigo kwa wateja wanne kwa safari moja, usigawe gharama kwa ukubwa wa ankara. Gawa kwa vituo na umbali, la sivyo aliye mbali mwenye oda ndogo atajificha nyuma ya wenzake.

Kazi yenyewe haihitaji mashine kubwa. Daftari linatosha, au jedwali la Excel lenye jina la mteja safu ya A, kisha bei ya kawaida, punguzo, bei ya kununulia, usafiri na makato kutoka B mpaka F. Kwenye G andika:

```
=B2-C2-D2-E2-F2
```

Kisha jumlisha safu hiyo kwa kila mteja, kwa miezi mitatu hivi. Mwezi mmoja unaweza kukudanganya.

Ugumu uko kwenye kuzipata namba. Kuna punguzo lisiloandikwa popote: "hiyo elfu tatu ya juu iache," au katoni moja ya nyongeza iliyotoka stoo bila karatasi. Liandike kwenye ankara yake siku hiyohiyo. Makato nayo hujificha, kwa sababu benki huingiza fedha iliyokwisha kukatwa na mhasibu huyatupa yote kwenye fungu la gharama za benki, ambako hayana jina la mteja. Kwenye simu, mteja anayekutumia kwenye namba ya kawaida bila ya kutolea amejipa punguzo la pili.

Ukishaona hasi, usikimbilie kumfukuza mtu. Kwanza angalia kama manunuzi yake ndiyo yanayokufikisha kwenye bonasi ya kiwandani, maana bonasi hiyo nayo ni faida yake. Kisha angalia anavyoagiza. Zile oda tatu za hoteli zikienda kwa safari moja, usafiri na wapagazi ni 43,000, makato ni 35,282, na kinachobaki ni 51,718 badala ya hasara. Akikubali kulipa kwa kuhamisha fedha benki badala ya kadi, karibu makato yote yanarudi kwako. Punguzo lake hujaligusa.

Kwa hiyo mpigie meneja na umwambie wazi: mzigo unatoka siku fulani, punguzo linaanzia oda ya laki tano, na chini ya hapo gari ni juu yake. Kwa ile oda ya 150,000 peke yake, akilipa gari na kukosa punguzo, unabaki na zaidi ya 20,000. Akikataa yote, mwache anunue kwingine. Kwa hesabu hizi atakupunguzia mauzo ya 1,196,000 kwa mwezi na kukuongezea 20,282.