Wagonjwa 40, wauguzi wangapi?

Wodi mbili zina vitanda 40 kila moja, na leo vyote vimejaa. Kwa anayepita na daftari la kuhesabu vitanda, kazi ya wodi hizi ni sawa. Lakini katika ya kwanza, wagonjwa wengi wameshapata nafuu: wanakwenda kuoga wenyewe, wanakula wenyewe, wanasubiri daktari awaruhusu. Katika ya pili wamo wanne wasiojitambua, wengine wanalishwa kwa mpira wa puani, na wengine hawawezi kujigeuza kitandani. Mwanafunzi wa uongozi wa uuguzi hupewa wodi kama ya pili na kuulizwa swali moja: waajiriwe wauguzi wangapi?

Swali hili lilianza kupatiwa jibu la kihesabu katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, kwenye miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960. Mtafiti Robert Connor aliwagawa wagonjwa katika makundi matatu: wanaojihudumia, wanaohitaji msaada kiasi, na wanaohitaji msaada kwa kila kitu. Huduma ya moja kwa moja, yaani ile muuguzi anayoitoa akiwa kando ya kitanda, aliikadiria kwa siku kuwa nusu saa kwa wa kwanza, saa moja kwa wa pili, na saa mbili na nusu kwa wa tatu. Kwa hiyo mgonjwa mmoja wa kundi la tatu alikuwa na uzito wa watano wa kundi la kwanza. Hapo ikaonekana kwamba mzigo wa wodi hupanda na kushuka hata idadi ya wagonjwa isipobadilika.

Tangu wakati huo nchi mbalimbali zimetengeneza majedwali yao. Ufilipino, nchi inayopeleka wauguzi wengi ughaibuni, hufundisha madaraja manne ya utegemezi. Daraja la kwanza ni mgonjwa anayejihudumia, naye hupewa saa 1.5 za uuguzi kwa siku. La pili ni anayehitaji kusaidiwa kiasi, pengine yuko kwenye dripu au ana mpira wa mkojo: saa 3. La tatu ni anayetegemea wengine kwa karibu kila jambo na anayepaswa kuangaliwa mara kwa mara: saa 4.5. La nne ni mahututi: saa 6 au zaidi. Hospitali kubwa za rufaa hukadiriwa kuwa na asilimia 30 ya wagonjwa wa daraja la kwanza, 45 wa la pili, 15 wa la tatu na 10 wa la nne.

Tuipe wodi yetu ya pili mgawanyo huo. Wagonjwa 40 watakuwa 12, 18, 6 na 4. Kumi na wawili wa kwanza wanahitaji saa 18 kwa siku. Kumi na wanane wanaofuata, saa 54. Sita wa daraja la tatu, saa 27. Wanne mahututi, saa 24. Jumla ni saa 123 za uuguzi kila siku. Zikigawanywa kwa zamu za saa nane, wodi inahitaji zamu 15 na kitu, yaani jumla ya wauguzi wanaoingia asubuhi, mchana na usiku.

Sasa turudi kwenye wodi ya kwanza. Tuseme ina wagonjwa 28 wa daraja la kwanza, 10 wa la pili na wawili tu wa la tatu. Hesabu ile ile inatoa saa 81, ambazo ni zamu kumi hivi. Vitanda ni vile vile 40, wagonjwa 40, na bado tofauti ni wauguzi watano kila siku. Ikama inayopangwa kwa idadi ya vitanda peke yake haiioni tofauti hiyo.

Wanafunzi wengi hufika hapa wakadhani wamemaliza. Wameandika 15 au 16 na kupiga mstari chini yake. Lakini hao ni wauguzi wanaotakiwa kuwa kazini siku hiyo, wala si wanaotakiwa kuajiriwa. Wodi haifungwi Jumapili. Muuguzi, kwa upande wake, ana siku zake za mapumziko, ana likizo, na huugua kama mtu mwingine yeyote.

Tuchukue kalenda ya Tanzania. Mwaka una siku 365. Tukikadiria siku mbili za mapumziko kwa wiki, tunatoa 104. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na kwa kuwa ndani yake mna wikiendi nne, siku za kazi zinazopotea hapo ni 20. Zoezi linakadiria sikukuu 15, siku tano za ugonjwa na tano za mafunzo. Zinabaki siku 216 za kazi, sawa na saa 1,728 kwa muuguzi mmoja kwa mwaka. Wodi inahitaji saa 123 mara siku 365, yaani saa 44,895. Gawanya kwa 1,728 upate wauguzi 26.

Wale 15 wamegeuka 26 bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka. Kiongozi wa wodi asiyeijua hatua hii huomba watu 16, hupewa 16, kisha hushangaa kuona ratiba inapwaya wiki ya kwanza tu anapoondoka mtu likizo.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo hujificha vizuri zaidi. Mwanafunzi ameshatoa likizo na ugonjwa ili kupata zile siku 216. Kisha anakumbuka kwamba kitabu kinasema aongeze asilimia fulani ya wauguzi wa kufidia walio likizo, naye anaiongeza juu ya 26. Likizo imehesabiwa mara mbili. Hilo hutokea hasa mtu anapochanganya majedwali ya nchi tofauti. Katika jedwali la Uingereza la mwaka 2013, kwa mfano, mgonjwa wa kawaida wa wodi alipewa kizidishi cha muuguzi 0.99, na ndani ya namba hiyo tayari ilikuwamo asilimia 22 ya likizo, ugonjwa na mafunzo. Anayeongeza tena hapo anaomba watu ambao hataweza kuwatetea mbele ya mhasibu.

Saa 123 hazigawanywi sawasawa mchana na usiku. Mgawanyo unaofundishwa sana ni asilimia 45 asubuhi, 37 jioni na 18 usiku, kwa kuwa asubuhi ndipo kuna kuogesha, kutandika, raundi ya madaktari, dawa na vidonda. Kwa wodi yetu ni wauguzi saba, sita na watatu. Jumla imekuwa 16, maana binadamu hagawanyiki, na tukirudi kwenye hesabu ya mwaka tunakuta 26 wamekuwa 27. Msimamizi wa wodi anayeshughulika na ratiba, vifaa na vikao hayumo humo.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Ugumu uko kwenye kumpa mgonjwa daraja. Wapeleke wanafunzi wawili kwenye wodi moja asubuhi moja, kila mmoja na karatasi yake, kisha zilinganishe. Mzee aliyepooza upande mmoja, anayekula mwenyewe akikatiwa chakula lakini anayehitaji watu wawili kwenda chooni, mmoja atamwandika daraja la pili na mwingine la tatu. Wakitofautiana kwa wagonjwa sita wa aina hiyo, tofauti ni saa tisa kwa siku, na kwa mwaka ni karibu ajira mbili. Ndiyo sababu mwalimu mzuri huwataka wakubaliane vigezo kabla ya kugusa kikokotoo: anaoga vipi, anakula vipi, anatembea vipi, anapimwa presha na joto kila baada ya saa ngapi, ana mirija mingapi. Na huwataka wapime kwa wiki kadhaa, maana wodi iliyopimwa saa mbili asubuhi inaweza kuruhusu wanane na kupokea kumi kabla ya jua kuzama. Kumpokea mgonjwa na kumruhusu ni kazi nzito ya maandishi na maelezo, na hesabu ya kitanda kwa kitanda huipoteza.

Kuna tatizo jingine ambalo katika hospitali zetu ni kubwa kuliko yote, na vitabu vya ng'ambo hayavigusi sana mazingira yake. Zile saa 3 au 4.5 zilitoka wapi? Mwanafunzi makini atataka kupima za kwake: atasimama wodini na saa, aandike muuguzi ametumia dakika ngapi kwa kila mgonjwa. Lakini wodi anayoipima tayari ina upungufu. Mgonjwa aliyepaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hakugeuzwa. Aliyelishwa, kalishwa na ndugu. Aliyeogeshwa, kaogeshwa na mama yake aliyelala chini ya kitanda. Saa ya mwanafunzi inaandika dakika chache, jedwali lake jipya linatoka dogo, na upungufu wa leo unakuwa kipimo halali cha kesho. Kwa hiyo kinachopimwa lazima kiwe muda wa huduma iliyofanyika ipasavyo, na kazi ya ndugu iandikwe kwenye safu yake, isipotee.

Huduma zinazokosekana zinaonekana kwa anayezitafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia kwa macho uuguzi wa watoto wachanga katika hospitali kadhaa za Nairobi, ukaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi zilizopaswa kufanywa hazikufanywa. Wodini dalili zake ni vidonda vya kulala, chati za vipimo zenye mapengo ya usiku, dawa za saa kumi na mbili zilizotolewa saa mbili. Na si usumbufu tu: Linda Aiken na wenzake, walipochunguza hospitali za jimbo la Pennsylvania na kuchapisha matokeo mwaka 2002, waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi alihusiana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30.

Swali la mwisho la zoezi ndilo linalofanana zaidi na maisha. Wodi inahitaji 27. Waliopo ni 18. Fanya nini?

Wauguzi 18 wanatoa saa 31,104 kwa mwaka, yaani saa 85 kwa siku mahali pa 123. Zimepungua saa 38 kila siku. Zamu zinakuwa watano asubuhi, wanne jioni na wawili usiku. Wawili hao wana saa 16 mkononi, na kazi ya usiku inadai 22. Mwanafunzi anatakiwa kuandika, kwa majina ya kazi, zile saa sita zitakatwa wapi: nani hatageuzwa, presha ya nani itapimwa mara moja badala ya mara tatu, na wale wanne mahututi watalazwa pamoja karibu na meza ya wauguzi au la. Kisha anaandika barua kwa muuguzi mfawidhi wa hospitali. Barua inayosema "tuna upungufu mkubwa wa watumishi" inafanana na za wodi nyingine zote. Yake inaeleza madaraja ya wagonjwa kwa wiki nne, saa zilizohitajika, saa zilizopatikana, na orodha ya huduma zisizofanyika kila usiku.